Kanzidata Inahama Huku Tiketi Zikiuzwa

Kampuni ya mabasi inayouza tiketi kwa simu haina saa ya kufunga. Abiria wa Mbeya hukata tiketi saa tano usiku akiwa kitandani, na wakala wa Mbezi huanza kuuza kabla hakujapambazuka. Kila kiti kinachouzwa huandikwa papo hapo kwenye kanzidata. Tuseme kanzidata hiyo ni ya PostgreSQL, iko kwenye seva ya ofisini Dar es Salaam, na kampuni imeamua kuipeleka winguni, yaani kwenye kompyuta za kukodi katika vituo vya data ambavyo Amazon ilivifungulia huduma Cape Town mwaka 2020. Mwenye kampuni atauliza jambo moja kabla ya yote: tiketi zitaacha kuuzwa kwa muda gani?

Kwa njia ya kawaida, jibu halifurahishi. Mfumo unafungwa, data yote inatolewa kwenye seva ya zamani, inasafirishwa, kisha inapakiwa kwenye seva mpya. Kama kanzidata ina gigabaiti 200 na laini ya ofisi hupeleka megabiti 100 kwa sekunde, safari peke yake itachukua karibu saa nne na nusu, hata laini isipoyumba kabisa. Ongeza muda wa kupakia, kutengeneza faharasa na kukagua, na usiku mzima umekwisha. Wala haiwezekani kuendelea kuuza wakati huo, kwa sababu tiketi iliyouzwa baada ya nakala kuanza kutolewa haitakuwemo ndani yake.

Njia ya pili hugeuza mpangilio huo. Data inahama kwa siku kadhaa huku biashara ikiendelea, na mauzo yanasimama dakika chache tu mwishoni. Dakika hizo chache hulipiwa kwa maandalizi marefu.

Daftari linalosomwa kwa mbali

PostgreSQL, kabla ya kubadilisha chochote kwenye majedwali yake, huandika mabadiliko hayo kwenye daftari maalumu liitwalo WAL. Kazi yake ya asili ni uokozi: umeme ukikatika katikati ya kazi, seva ikiwaka hulisoma daftari na kurejesha kila kilichokuwa kimethibitishwa. Tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, seva nyingine inaweza kulisoma daftari hilo kwa mbali, jedwali kwa jedwali, na kurudia kila badiliko upande wake. Huo ndio urudufishaji endelevu.

Kwanza mpangilio wa `wal_level` kwenye seva ya zamani huwekwa kuwa `logical`, na seva lazima izimwe na kuwashwa upya. Huku ni kusimama kwa kwanza, kwa kifupi, na hufanywa usiku mmoja mapema, mbali na usiku wa kuhama. Kisha maumbo ya majedwali, bila data, hunakiliwa winguni kwa `pg_dump --schema-only`. Baada ya hapo kila upande hupewa amri yake:

```sql
-- seva ya zamani
CREATE PUBLICATION hama FOR ALL TABLES;

-- seva mpya
CREATE SUBSCRIPTION hama_sub
  CONNECTION 'host=seva-ya-dar dbname=tiketi user=nakili'
  PUBLICATION hama;
```

Seva mpya huanza kuvuta data iliyopo, kila jedwali kama lilivyokuwa wakati lilipoanza kunakiliwa. Yanayotokea baadaye huletwa kupitia daftari. Siku ya kwanza nakala huwa nyuma sana, halafu hukaribia, na mwishowe hubaki nyuma kwa sekunde moja au chini yake. Saa nne na nusu za kusafirisha data bado zipo, ila hakuna abiria anayezisikia.

Mambo ambayo daftari halibebi

Anayeishia hapo ataumia usiku wa kuhama, kwa kuwa urudufishaji huu una mipaka, na mipaka yake haionekani mpaka ikugonge.

Wa kwanza ni majedwali yasiyo na ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila mstari bila kujirudia. Seva mpya ikiambiwa mstari fulani umebadilika, itaujuaje bila kitambulisho? PostgreSQL hutatua swali hilo kwa ukali: mara tu jedwali la aina hiyo linapoingizwa kwenye `PUBLICATION`, seva ya zamani yenyewe hukataa kubadilisha au kufuta mistari yake, kwa ujumbe huu:

```
ERROR: cannot update table "mizigo" because it does not have
a replica identity and publishes updates
```

Kuingiza mistari mipya huendelea kama kawaida, hivyo fundi anaweza kudhani mambo ni shwari, hadi mtu wa mizigo ashindwe kusahihisha uzito wa kifurushi. Ndiyo maana majedwali yote hukaguliwa na kupewa funguo kabla ya amri ya kwanza.

Mpaka wa pili ni vihesabio vinavyotoa namba za tiketi. Tiketi namba 840,512 itafika winguni salama, lakini kihesabio cha huko hakitajua kwamba namba zimefika hapo. Kitaanza na 1, na tiketi ya kwanza kuuzwa itakataliwa kwa sababu namba hiyo ina mwenyewe. Dalili ni ujumbe `duplicate key value violates unique constraint` dakika ya kwanza baada ya kufungua. Tiba ni kusogeza kila kihesabio mbele, kwa nafasi ya kutosha, wakati mauzo yamesimama:

```sql
SELECT setval('tiketi_id_seq',
  (SELECT max(id) FROM tiketi) + 1000);
```

Mpaka wa tatu ni mabadiliko ya maumbo ya majedwali. Tuseme mwandishi wa programu ameongeza safu ya namba ya kitambulisho kwenye jedwali la tiketi upande wa Dar es Salaam. Safu hiyo haiendi winguni yenyewe. Tiketi inayofuata inafika Cape Town ikiwa na kitu ambacho jedwali la huko halikijui, na urudufishaji unakwama. Unajaribu tena, unakwama tena, na hapo hatari kubwa huanza.

Seva ya zamani huweka alama, iitwayo sloti, inayoonyesha nakala imesoma daftari hadi wapi. Kurasa ambazo hazijasomwa hazifutwi. Nakala ikikwama Ijumaa jioni na hakuna anayetazama, daftari litarundikana wikendi nzima hadi diski ijae, na seva ya zamani, ile iliyokuwa ikiuza tiketi bila tatizo, itasimama. Nakala inaweza hivyo kuiangusha seva inayoinakili.

Kinga ni mbili. Tangu toleo la 13 kuna mpangilio wa `max_slot_wal_keep_size` unaoweka kikomo cha daftari linalohifadhiwa. Likizidi, sloti hubatilishwa. Nakala italazimika kuanza upya, lakini mauzo yatakuwa yamepona. Kinga ya pili ni jicho la mtu, na kengele inayolia umbali huu unapozidi kukua:

```sql
SELECT slot_name, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
  pg_current_wal_lsn(), confirmed_flush_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Ikilazimu kuongeza safu katikati ya kazi, ianze kuwekwa winguni, kisha Dar es Salaam.

Dakika zenyewe

Usiku wa kuhama hupangwa saa ambayo mauzo huwa machache zaidi, tuseme saa nane usiku. Siku chache kabla, muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka anwani ya seva hupunguzwa kutoka siku nzima hadi sekunde 60. Usipopunguzwa, baadhi ya mawakala wataendelea kubisha hodi Dar es Salaam hadi kesho yake.

Zamu ya kwanza ni kufunga maandishi yote upande wa zamani. Ukurasa wa kuuzia huonyesha tangazo, mtumiaji wa programu hunyimwa ruhusa ya kuingia kwa `ALTER ROLE programu NOLOGIN`, na miunganisho iliyobaki hukatwa kwa `pg_terminate_backend`. Hatua hii ya mwisho husahaulika mara nyingi, kwa sababu `NOLOGIN` huzuia wanaokuja, haiwatoi waliomo. Muunganisho mmoja ukibaki wazi, tiketi itauzwa mahali ambapo hakuna atakayeiangalia tena.

Kisha fundi anaandika nafasi ya mwisho ya daftari na kusubiri nakala iifikie. Kama maandalizi yalikwenda vizuri, ni suala la sekunde. Vihesabio vinasogezwa. Amri ya `ANALYZE` inaendeshwa, kwa maana bila takwimu za majedwali seva mpya huchagua njia mbovu za kutafuta na huonekana mzito asubuhi. Mistari ya tiketi inahesabiwa pande zote mbili, na jumla ya nauli ya kila siku inalinganishwa. Zikitofautiana, mauzo yanafunguliwa upya Dar es Salaam na hakuna kilichoharibika.

Kuna kundi moja lisilosoma tangazo: taarifa za malipo ya simu. Abiria aliyeweka namba ya siri dakika moja kabla ya kufunga ametoa pesa, na taarifa ya malipo inafika kanzidata ikiwa imefungwa. Mpokeaji wa taarifa hizo anapaswa kuziweka kwenye foleni iliyo nje ya kanzidata, kisha kuziingiza baada ya kufungua. Bila foleni hiyo, dakika kumi za kimya zitazaa siku nzima ya watu waliolipa wasio na kiti.

Umbali na njia ya kurudi

Programu ya kuuza tiketi lazima ihame usiku huohuo na kanzidata yake. Ikibaki Dar es Salaam, kila swali litasafiri hadi Cape Town na kurudi. Kama safari moja ni milisekunde 60 na ukurasa wa kuchagua kiti huuliza maswali 50 moja baada ya jingine, abiria atasubiri sekunde 3 zaidi kwa kila ukurasa. Majina na namba za simu za abiria nazo zinavuka mpaka wa nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ina masharti juu ya hilo. Idhini inayohitajika itafutwe kabla data haijaanza kusafiri.

Kabla ya abiria wa kwanza kuruhusiwa kwenye seva mpya, urudufishaji wa mwanzo hufutwa na mwingine huwekwa kwa upande wa kinyume: seva ya Dar es Salaam inaanza kusoma daftari la Cape Town, kwa `copy_data = false` kwa kuwa data yote tayari inayo. Hilo lifanyike mauzo yakiwa bado yamefungwa, la sivyo tiketi za mwanzo hazitarudi. Tatizo likitokea Jumatano, kampuni inaweza kurudi nyumbani kwa utaratibu uleule, vihesabio vikiwemo, bila kupoteza tiketi za Jumatatu na Jumanne.

Seva ya zamani isizimwe kwa sababu wiki imepita salama. Isubiri hadi hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe, mawakala walipwe kamisheni na ripoti ya kodi itoke, maana kazi hizo hugusa majedwali ambayo mauzo ya kila siku hayayagusi. Zikikamilika zote kutoka kanzidata mpya, njia ya kurudi inaweza kuvunjwa.