Moba: Kibanga na Kalubamba ni za Kongo ao za Zambia? Namna jibu lilivyopatikana

Mwezi wa tatu 2020, askari wa Zambia waliingia Kibanga na Kalubamba, vijiji viwili vya teritwari ya Moba, jimbo la Tanganyika. Kongo ilisema ardhi yake imevamiwa. Zambia nayo ilidai askari wake wako nyumbani. Wakaaji walikimbia, na swali likabaki moja tu: mpaka unapita wapi kabisa?

Ukimuuliza mkaaji, atajibu kwa jina la shefu wake. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu Watabwa wako pande zote mbili za mpaka. Mtu anaweza kumheshimu mfalme wa ng'ambo na kuwa Mukongomani.

Kazi inaanzia kwenye maandishi. Mpaka kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru ulikatwa na Waingereza na mfalme Leopold wa Pili katika mapatano ya tarehe 12 mwezi wa tano 1894. Maandishi hayo yanasema mstari unyooke kutoka rasi ya Akalunga, kwenye ziwa Tanganyika, hadi mahali mto Luapula unapotoka katika ziwa Mweru.

Hapo shida mbili zinaonekana. Ya kwanza ni jina la mto. Leo Luapula ndio mto unaoingia ziwani kwa upande wa kusini. Ule unaotoka, pale Pweto, unaitwa Luvua. Anayetafuta jina hilo kwenye ramani ya leo bila kusoma vizuri ataweka mwisho wa mstari mahali pasipo pake.

Shida ya pili ni kipimo. Mapatano yanaweka rasi ya Akalunga kwenye digrii 8 na dakika 15 kusini, lakini yanaongeza neno "karibu". Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85 hivi. Ukisogeza ncha ya mstari kwa dakika moja tu, kijiji kizima cha kando ya ziwa kinaweza kubadilisha inchi. Ndiyo maana Zaire na Zambia zilitia sahihi mapatano mapya mwaka 1989 ili kuweka mpaka huo wazi zaidi.

Baada ya maandishi ndipo ramani inafunguliwa. Ramani nyingi za zamani za eneo hili zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1950, lakini simu na GPS hutumia WGS 84. Namba zile zile, zikisomwa katika mifumo hiyo miwili, zinaonyesha mahali pawili tofauti. Fundi anayesahau kugeuza namba anaweza kusimama katikati ya kijiji akiwa na GPS nzuri kabisa na bado akakosea.

Tena ramani peke yake haitoi ardhi. Mwaka 1986, katika kesi ya Burkina Faso na Mali, Korti ya Kimataifa ilisema kwamba ramani ina nguvu ya sheria ikiwa imeambatanishwa na maandishi rasmi. Isipokuwa hivyo, ni ushahidi wa kusaidia tu.

Viongozi wa mahali wanafuata. Shefu wa kijiji na shefu wa grupema wanajua mawe ya mpaka yako wapi, na lipi limeng'olewa ao kufunikwa na shamba. Ofisi ya teritwari ina vitabu: nani alilipa kodi, watoto walisoma programu ya inchi gani, wapiga kura walitambulishwa wapi. Lakini vitabu hivyo navyo vina kikomo. Maandishi ya mpaka yakiwa wazi, yanashinda hata kama jirani alikusanya kodi hapo miaka mingi. Vitabu vinapata nguvu pale maandishi yanaponyamaza. Na karti ya uchaguzi ni dhaifu zaidi, kwani inaonyesha mtu ni wa inchi gani, haisemi udongo anaolalia ni wa nani.

Kwa Kibanga na Kalubamba, SADC ilituma wataalamu mwezi wa saba 2020. Walikwenda mahali penyewe, wakitumia mapatano ya 1989 kama msingi. Jibu lao: vijiji vyote viwili ni vya Kongo. Zambia iliombwa kuondoa askari, na mwezi wa nane wakaanza kutoka.

Jibu hilo lilihusu vijiji viwili tu. Mpaka wenyewe una zaidi ya kilomita 150 kati ya maziwa hayo mawili, na kila mahali ambapo jiwe limepotea, mtu anayelima hawezi kuona kwa macho mstari uliochorwa 1894.