Namba ya Mama kwa Makofi

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Mama, baba, dada na kaka mnaotusikiliza hapa Nyarugusu! Leo nazungumza na wewe mwenye mtoto wa miaka minne au mitano. Mtoto huyo akipotea siku ya mgao wa chakula, ataulizwa mama yake anaitwa nani. Wengi wa umri huo hujibu, "Anaitwa Mama." Namba ya simu itasaidia, lakini awe anaweza kuitamka yote mbele ya mtu asiyemjua, huku machozi yanamtoka.

Kwanza chagua namba moja tu, ile ambayo simu yake huwa haizimwi ovyo. Usimfundishe ya mama na ya baba kwa pamoja, atazichanganya.

Namba za hapa Tanzania zina tarakimu kumi. Tuchukue hii, tumeitunga kwa mfano tu, usiipige: 0602 538 914. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi wakubwa wetu wamezoea kusoma namba mbili mbili, "hamsini na tatu, themanini na tisa". Mtoto wa miaka minne hajui themanini ni nini. Mpe tarakimu moja moja, katika vipande vitatu, na baada ya kila kipande nyamaza kidogo, kama anayetwanga akipumzisha mchi:

(MAKOFI)

Sifuri, sita, sifuri, mbili.
Tano, tatu, nane.
Tisa, moja, nne.

Kofi moja kwa kila neno. Maneno yetu ya kuhesabu ni mafupi, yanaenda na kofi bila shida, isipokuwa sifuri. Hilo ni refu, na mtoto hulivuta au hulikata. Piga kofi kwenye "fu": si-FU-ri. Na kama nyumbani mnasema "zero", semeni zero siku zote, msibadilishe katikati.

Siku mbili za kwanza fundisha kipande cha kwanza peke yake. Akikisema bila wewe kupiga makofi, ongeza cha pili. Hapo ndipo watoto wengi hukwama, kwenye kiungo. Anafika "mbili", halafu anasema "tatu", kwa sababu ndivyo alivyozoea kuhesabu. Usirudie namba nzima kila anapokosea. Rudia kiungo tu: "sifuri, mbili, tano, sifuri, mbili, tano," mpaka tano ije yenyewe. Kisha utamsikia anasema "tatu, tano" badala ya "tano, tatu", maana maneno hayo yanaanza sawa. Mwonyeshe kiganja kizima kwa tano, vidole vitatu kwa tatu, naye aonyeshe akisema. Sita na saba nazo hupotezana hivyo hivyo, na nne na nane pia.

Akishaimba zote, usifikiri amemaliza. Anajua wimbo, na wimbo huo anauimba na wewe. Sasa ndiyo mchezo unaanza.

Wewe jifanye mtu mwingine. Jifunge kitenge begani, badilisha sauti, uliza: "Mtoto, umepotea? Namba ya mama yako?" Mara ya kwanza atacheka na kusema, "Wewe ni mama!" Mwache acheke, uliza tena. Kesho kaka yake aulize huku wengine wanagonga sufuria. Keshokutwa aulizwe akiwa anaruka, au akijifanya analia. Dakika tatu kwa siku zinatosha, akichoka acha.

Jaribio la kweli ni kwa jirani. Mwombe mama wa nyumba ya pili amuulize mtoto, abonyeze kila tarakimu anayoisikia, halafu abipu. Wewe kaa na simu yako nyumbani. Ikiita, mtoto ataisikia kutoka kwa jirani au atakimbia kuja kuiona, na hakuna salio lililoliwa. Isipoita, mwambie jirani akusomee alichobonyeza, utajua ni kipande gani kimevunjika. Rudia jaribio hilo kila baada ya wiki mbili, maana mtoto husahau haraka asichotumia.

Katika mchezo huo huo weka na mtu wa kumkatalia: "Njoo, mimi nampajua kwenu, twende." Mtoto abaki pale pale aliposimama, aseme namba, asimfuate. Mwambie namba anampa mtu mwenye kizibao cha kazi, polisi, au mama mwenye watoto.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu bado. Huyo mwandikie namba kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa nguo, na uikague kila baada ya kufua.

Na ukibadilisha laini, anza upya siku hiyo hiyo. Namba ya zamani usiitaje tena nyumbani, hata kwa utani.

(MUZIKI)