Tansio ya ghafula kwa mama kijana: pengine shida iko kwenye mshipa wa figo

Tumezoea kusikia kwamba tansio ni ugonjwa wa wazee, wa watu wanene na wa wale wanaokula chumvi nyingi. Kwa hiyo mama wa miaka 30 akiambiwa ana tansio, majirani wanasema ni mawazo, ni shida za nyumba, na yeye mwenyewe anakubali. Anapewa vidonge, anarudi sokoni. Lakini kuna mama ambaye tansio yake ina chanzo kinachoonekana kwa macho, na pengine kinachoweza kuondolewa. Juma hili tunaeleza chanzo kimoja cha namna hiyo, ambacho waganga wanakiita displazia fibromuskula.

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Ana miaka 33, ni mwembamba, ana watoto wawili. Katika mimba ya mwisho, miaka miwili iliyopita, kartasi yake ya kupima mimba ilionyesha 110 juu ya 70 kila mara. Sasa tangu miezi mitatu kichwa kinamuuma asubuhi, na usiku akilalia sikio moja anasikia ndani yake sauti ya fwu, fwu, fwu inayokwenda pamoja na mapigo ya moyo. Siku moja anampeleka mtoto kwenye kituo cha afya, naye anaomba apimwe. Mashini inaandika 190 juu ya 115, au kama wauguzi wengi wanavyosema, 19 kwa 11.

Muuguzi mzuri haamini mara moja. Anamkalisha mama dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, mkono umewekwa mezani sawa na moyo. Anapima mara mbili, kisha anapima mkono wa pili. Anamuuliza kama ana mimba, maana tansio ya mimba ni jambo la haraka. Anamuuliza pia kama anameza vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu vile vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha tansio. Mama hana mimba na hamezi kidonge chochote. Anapewa amlodipini 10 mg, baadaye dawa ya kukojoza inaongezwa. Mwezi mmoja unapita, anameza kila siku, na bado mashini inaandika 175 juu ya 105.

Hapa ndipo munganga anapaswa kusimama na kujiuliza: kwa nini? Kwa mama mwenye miaka chini ya 35, tansio iliyopanda ghafula na inayokataa dawa inatafutiwa sababu. Sababu ya kwanza ya kutafuta kwetu ni ugonjwa wa figo zenyewe, na huo unaanza kutafutwa kwa kupima mkojo tu. Mkojo wa mama huyu hauna protini wala damu, na kreatinini yake ni ya kawaida. Lakini potasiamu katika damu ni 3.0, na inapaswa kuwa 3.5 au zaidi. Dawa ya kukojoza inaweza kuishusha, lakini hata figo lenye njaa ya damu linaishusha. Munganga anamlaza, anaweka chombo chake cha kusikilizia juu ya tumbo, pembeni kidogo na kitovu, na anasikia mlio kama upepo unaopita kwenye tundu jembamba.

Mlio ule unatoka wapi? Kila figo linapata damu kwa mshipa wake mkubwa. Ukuta wa mshipa huo una tabaka za misuli na nyuzi. Katika displazia fibromuskula, ukuta unakua vibaya: mahali pengine unanenepa na kubana njia, mahali pengine unakuwa mwembamba na kuvimba nje. Ukiutazama kwenye picha, mshipa unafanana na ushanga uliotungwa kwenye uzi. Hakuna mafuta yaliyoganda ndani, wala vidudu. Watu wengine wana namna ya pili, ambapo mshipa umebanwa mahali pamoja tu. Mara nyingi figo ndizo zinazoguswa, pamoja na mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, ndiyo maana mama yule anasikia sauti sikioni.

Figo halijui kwamba njia imebanwa. Linaona tu kwamba damu inafika kidogo, na linadhani mwili wote umekosa damu. Basi linatoa kitu kinachoitwa renini. Renini inaamsha nguvu nyingine mwilini zinazobana mishipa yote na kuzuia chumvi isitoke, na potasiamu inapotea katika mkojo. Tansio inapanda mwili mzima ili figo moja lishibe. Waganga wawili wa Amerika, Leadbetter na Burkland, walieleza jambo hili mwaka 1938: mtoto wa kiume mwenye zaidi kidogo ya miaka mitano alikuwa na tansio kali, wakaondoa figo ambalo mshipa wake ulikuwa umebanwa, na tansio ikarudi sawa. Leo hatuondoi figo, tunafungua mshipa.

Katika wagonjwa kumi wanaojulikana, wanane au tisa ni wanawake. Chanzo chenyewe hakijajulikana. Kuna familia ambamo unaonekana kwa zaidi ya mtu mmoja, na sigara inaufanya kuwa mbaya zaidi. Si dhambi ya mgonjwa, si uchawi, na hauambukizwi. Tuseme pia ukweli: ni ugonjwa wa nadra, na orodha kubwa za wagonjwa zimeandikwa Ulaya na Amerika, karibu wote wazungu. Kwa hiyo munganga wa kwetu atafikiri pia ugonjwa wa Takayasu, unaobana mishipa mikubwa ya wanawake vijana kwa njia ya uvimbe. Huo una alama zake: homa na kukonda, mapigo ya mkono mmoja kupotea, au tansio ya mikono miwili kuachana sana. Ndiyo sababu kupima mikono yote miwili si kupoteza wakati.

Turudi kwa mama wetu. Anatumwa kwa ekografi ya figo. Figo la kulia lina sentimita 11, la kushoto 9. Tofauti inayopita sentimita moja na nusu inatia mashaka. Kisha inafanywa ekografi ya Dopla, inayopima mwendo wa damu. Katika mshipa wa kushoto damu inakimbia sentimita 350 kwa sekunde, na kawaida haipiti 180 hivi, maana maji yakipita mahali pembamba yanakimbia. Hapa kuna kosa linalotokea mara nyingi. Mafuta ya wazee yanabana mshipa mwanzoni kabisa, karibu na mshipa mkuu. Displazia inabana katikati na mbele, karibu na figo. Anayepima akitazama mwanzo tu, ataandika kwamba kila kitu ni sawa. Mama anaweza kumwomba kwa adabu: «Munganga, tafazali fuata mshipa mpaka kwenye figo.»

Picha inayokata maneno ni sikaneri ya mishipa yenye dawa ya kuonyesha damu, na mashini hiyo iko katika miji mikubwa tu. Picha ya mama wetu inaonyesha ushanga kwenye mshipa wa kushoto. Wanapiga picha pia ya shingo na kichwa, kwa sababu mtu mwenye ugonjwa huu katika mshipa mmoja anaweza kuwa nao kwingine, hata uvimbe mdogo katika ubongo ambao ni vizuri kuujua mapema.

Matibabu yana njia mbili. Ya kwanza ni vidonge vinavyozuia kazi ya renini, kama lisinoprili, kaptoprili au losartani. Kwa ugonjwa huu vinafaa sana, lakini vina masharti. Kreatinini na potasiamu vinapimwa kabla ya kuanza na tena baada ya juma moja au mawili. Kreatinini ikipanda sana, pengine mishipa ya figo zote mbili imebanwa, na dawa inasimamishwa. Tena vidonge hivi vinaharibu mtoto tumboni. Mama anayevimeza anahitaji njia nzuri ya kupanga uzazi isiyopandisha tansio, na akikosa siku zake aende upesi kwa munganga ili abadilishiwe, kwa mfano metildopa. Asiache dawa zote peke yake. Wagonjwa wengi hupewa pia aspirini kidogo, 75 mpaka 100 mg kwa siku, kama hakuna kinachokataza.

Njia ya pili ni kupanua mshipa kwa puto. Kwa watu wetu wengi hii ni safari, hata mpaka Nairobi. Mgonjwa halazwi usingizi mzito. Munganga anatia ganzi kwenye kinena, anaingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa mguu, na anaupandisha mpaka kwenye mshipa wa figo huku akitazama picha. Anapima nguvu ya damu kabla na baada ya mahali palipobanwa. Kisha anajaza puto dogo, linasukuma ukuta, analitoa. Kwa displazia, puto peke yake kwa kawaida linatosha. Kile kibomba cha chuma kinachoachwa ndani, yaani stenti, kinawekwa tu kama ukuta umepasuka au puto limeshindwa. Kama mnaambiwa stenti tangu mwanzo, ulizeni kwa nini.

Puto halimponyi kila mtu. Karibu theluthi moja mpaka nusu ya wagonjwa wanaacha vidonge vyote, wengine wanabaki na kidonge kimoja badala ya vitatu. Anayefaidika zaidi ni kijana ambaye tansio yake haijakaa miaka mingi. Tansio ikidumu, inakomaza mishipa ya mwili wote, na hapo kufungua mmoja hakutoshi. Ndiyo hasara ya kusema «ni mawazo tu».

Mama wetu wa mfano anatoka lopitali baada ya siku mbili. Baada ya mwezi ana 125 juu ya 80 na kidonge kimoja. Bado anapimwa kila mwezi kwenye kituo chake, na Dopla inarudiwa baada ya miezi sita kisha kila mwaka, kwa maana mshipa unaweza kubana tena. Tansio ikipanda upya, hiyo ndiyo alama ya kwanza. Maumivu makali ya ghafula kiunoni, shingoni au kifuani, au mkono kulegea na mdomo kupinda, ni ya kukimbiza lopitali saa ileile.

Basi, mama mwenye tansio na umri wako ni mdogo, tafuta kartasi zako za zamani za kupima mimba. Zinaonyesha tansio ilikuwa ngapi na ilipanda lini. Hata tansio iliyosemwa ni ya mimba, ikiwa ilionekana kabla ya miezi mitano, au bado iko miezi mitatu baada ya kuzaa, haikuwa ya mimba peke yake. Peleka kartasi hizo kwa munganga, na umwombe asikilize tumbo lako.