Kupima hali ya mwili wa kondoo kwa picha mbili

Hali ya mwili wa kondoo ni kiasi cha nyama na mafuta alichobeba juu ya mifupa yake. Hupimwa kwa alama kuanzia 1, ambayo ni ya kondoo aliyekonda kabisa, hadi 5, ya yule aliyenenepa kupita kiasi, na mara nyingi nusu alama hutumika katikati. Kipimo hiki kilielezwa na B. C. Jefferies huko Tasmania, Australia, mwaka 1961, kisha watafiti wa Skotilandi, Russel, Doney na Gunn, wakakithibitisha mwaka 1969. Kwa asili ni kipimo cha mkono: mpimaji hupapasa kiuno, nyuma ya ubavu wa mwisho, akitafuta ncha za mifupa ya uti wa mgongo na kusikia zimefunikwa kwa kiasi gani. Picha haiwezi kupapasa. Hata hivyo, picha moja ya ubavuni na nyingine ya nyuma zikipigwa vizuri humwezesha daktari wa mifugo aliye mbali kukadiria alama, na humwachia mfugaji kumbukumbu ya kulinganisha msimu hadi msimu.

Njia hii huwafaa zaidi kondoo wenye manyoya mafupi, kama kondoo mwekundu wa Kimaasai wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Kondoo huyu hana sufu nene inayouficha mwili, na sehemu kubwa ya akiba yake ya mafuta imo mkiani, mahali ambapo kamera huona wazi. Kondoo wa sufu, kama Merino au Koridale, huonekana mviringo hata akiwa mifupa mitupu. Kwake picha hufaa wiki chache tu baada ya kukatwa sufu; muda mwingine wote lazima mkono utumike.

Upigaji wa picha ndio huamua kama alama itaaminika. Kondoo asimamishwe mahali tambarare, miguu yote minne ikibeba uzito sawa na kichwa kikiwa katika kimo chake cha kawaida. Akiinamisha shingo, mgongo hujikunja na uti huonekana umechomoza kuliko ulivyo. Mpiga picha achuchumae mpaka kamera iwe sawa na katikati ya kiwiliwili cha mnyama, takriban nusu mita kutoka ardhini, akiwa umbali wa mita mbili au tatu. Picha iliyopigwa kwa kusimama hutazama mgongo kutoka juu, hivyo ncha za mifupa hupotea. Iliyopigwa kwa karibu mno hukuza sehemu iliyo mbele ya kamera na kudogosha nyingine. Jua liwe nyuma ya mpiga picha lakini kidogo kwa upande, kwa sababu kivuli chepesi ndicho kinachoonyesha mabonde kati ya mbavu na kando ya uti. Jua la utosini hufuta mabonde hayo. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla kondoo hajaenda malishoni, tumbo likiwa bado halijajaa. Picha ya nyuma ipigwe kwa kumkabili mnyama moja kwa moja, na mkia wote uonekane, tangu shina hadi ncha.

Usomaji huanza na manyoya, kwa kuwa ndiyo pazia kati ya jicho na mwili. Swali la kwanza ni urefu wake: je, yamelala juu ya ngozi kiasi cha kuonyesha umbo lililo chini, au yamesimama na kulifunika? Kondoo aliyelowa mvua huonekana amekonda kwa sababu manyoya yameshikana na mwili, na aliyesimamisha manyoya kwa baridi huonekana mnene. Swali la pili ni hali ya manyoya yenyewe. Yaliyofifia, makavu na yenye vipara huashiria lishe duni, minyoo au wadudu wa ngozi. Ishara hiyo huandikwa pembeni kama maelezo, haiongezi wala haipunguzi alama. Kondoo mwenye ukurutu anaweza kuwa na mafuta ya kutosha, na mwenye manyoya yanayong'aa anaweza kuwa ameanza kukonda.

Baada ya manyoya hutazamwa uti wa mgongo, hasa kwenye kiuno, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Katika picha ya ubavuni, mstari wa juu wa mgongo hufuatwa kwa jicho. Mstari wenye vijinundu vinavyohesabika, pamoja na mbavu na mfupa wa nyonga vilivyochomoza, ni alama 1. Kwenye alama 2 mgongo bado umeinuka, lakini vijinundu vimelainika. Kwenye alama 3 mstari ni laini na nyonga zimefunikwa, ingawa mahali zilipo panajulikana. Zaidi ya hapo picha ya ubavuni husema machache, kwa maana mgongo wa alama 4 na wa alama 5 yote huonekana imenyooka na kujaa.

Picha ya nyuma hukamilisha habari hiyo kwa kuonyesha umbo la kiuno kutoka upande hadi upande. Kwa kondoo aliyekonda, kiuno huteremka kutoka katikati kama paa la nyumba lenye mwinuko mkali, kwa sababu msuli ulio kando ya uti umepungua. Anapofika alama 3, mteremko huo hujaa na kuwa mviringo. Kwenye alama 4 mgongo hutanda, na kwenye alama 5 mafuta ya pande mbili hupanda hadi uti ukabaki kwenye mfereji mdogo. Mapaja nayo hutazamwa: nafasi pana iliyo wazi kati ya mapaja, juu chini ya mkia, huonyesha kwamba msuli wenyewe umeanza kuliwa na mwili.

Mkia husomwa mwisho, kwa tahadhari. Kinachopimwa ni kujaa kwake, wala si ukubwa. Kuna kondoo wa Kimaasai aliyerithi mkia mpana na mwingine aliyerithi mwembamba, na chotara wa Doper huwa na mafuta machache mkiani hata akiwa amenona. Aliyekatwa mkia hana cha kusomwa. Mkia uliojaa una ngozi iliyonyooka na kingo za mviringo, na shina lake ni nene linapoungana na makalio. Mkia uliokwisha akiba huning'inia bapa, ngozi ikiwa na mikunjo, na mfupa wa katikati hujichora. Kwa kuwa kondoo wa mkia wa mafuta huweka akiba kidogo chini ya ngozi ya mgongo, kiuno chake kinaweza kuonyesha alama 2 huku mkia ukiwa umejaa. Huyo hayuko katika hatari sawa na mwenye kiuno cha alama 2 na mkia mtupu. Ndiyo maana mambo haya mawili huandikwa kando kando, kwa mfano "kiuno 2, mkia umejaa nusu", badala ya kuchanganywa kuwa tarakimu moja.

Chukulia kondoo jike wa Kimaasai wa wastani, mwenye uzito wa kilo 35 anapokuwa na hali nzuri, aliyepigwa picha Kajiado mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Kwa mtazamo wa kwanza picha ya ubavuni huonyesha mnyama mwenye tumbo kubwa, na mwenyewe husema ameshiba. Tumbo ndilo linalodanganya wengi: majani makavu hukaa muda mrefu tumboni, na mimba au minyoo nayo hulikuza. Tumbo likiwekwa kando, mambo mengine hujitokeza. Manyoya ni mafupi lakini yamefifia. Mstari wa kiuno una vijinundu vitatu au vinne vinavyoonekana, na mbavu za mwisho zimejichora. Picha ya nyuma huonyesha kiuno chenye mteremko, ingawa mapaja bado yamegusana sehemu ya chini. Mkia una upana, lakini ngozi yake ina mikunjo kuanzia katikati hadi ncha, na shina pekee ndilo lililojaa. Makadirio ni kati ya 1.5 na 2, mkia ukiwa na akiba kidogo.

Makadirio hayo huhakikiwa kwa mkono. Kiganja huwekwa juu ya kiuno nyuma ya ubavu wa mwisho, kidole gumba kikitafuta ncha za juu za uti na vidole vingine vikipenya chini ya ncha za mifupa ya pembeni. Kama vidole vinapita chini ya ncha hizo kwa urahisi na ncha zenyewe ni kali, alama iko karibu na 1. Kama ni butu na panahitajika msukumo kidogo, ni 2. Tuseme mkono umetoa 1.5. Mfugaji anayetaka dume apande wakati jike ana alama karibu na 3 huona kwamba pengo ni kubwa. Alama moja kwa kondoo wengi ni kama sehemu ya kumi ya uzito wa mwili au zaidi kidogo, yaani takriban kilo 4 kwa jike huyu. Akiongeza gramu 80 kwa siku, atahitaji siku 50 kupata alama moja tu. Kumpandisha mara mvua inapoanza kungekuwa mapema mno. Anastahili kungoja mpaka majani mabichi yamrudishie mwili, au apewe chakula cha ziada.

Picha za pili, zikipigwa kwa umbali na saa zilezile baada ya wiki saba au nane, ndizo zinazojibu kama ameinuka. Vijinundu vikipotea kwenye mstari wa mgongo na mikunjo ya mkia ikipungua, malisho yanatosha. Mgongo ukibaki vilevile ilhali wenzake katika kundi wamenona, tatizo ni lake mwenyewe. Hapo hukaguliwa meno, kwa kuwa kondoo mzee aliyepoteza meno hawezi kukata majani mafupi, kisha rangi ya ndani ya kope la chini, ambayo hupauka damu inaponyonywa na minyoo ya tumboni. Kondoo wa Kimaasai husifika kwa kustahimili minyoo hiyo, lakini huambukizwa.

Picha mbili hutofautisha kwa uhakika wa kutosha kondoo aliyekonda, wa kati na mnene. Hazitofautishi 2.5 na 3, na kwa jike mwenye mimba iliyokomaa hukosea kwa urahisi, kwa sababu uzito wa tumbo huvuta ngozi ya ubavuni na kubadilisha umbo la kiuno. Kwa jike huyo, kwa kondoo wa sufu, na kabla ya uamuzi wa kuuza au kuchinja, alama inayotumika ni ile iliyopatikana kwa mkono.