Kwa nini chumba cha kupanga huonekana ukumbi kwenye simu, na jinsi ya kukipiga picha isiyodanganya

Hebu fikiria mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na kwao. Anatafuta chumba kwa simu, anatumiwa picha, anaona chumba kirefu kama ukumbi, anatuma kodi ya miezi mitatu. Akifika na mizigo yake, anakuta chumba cha futi 10 kwa 10. Kitanda kikiingia, kabati halina pa kukaa. Mwenye nyumba huenda hakukusudia kudanganya. Aliyepiga picha alibonyeza 0.5 ili chumba chote kienee, basi.

Hiyo 0.5 ni lenzi ya pili iliyo kwenye simu nyingi za siku hizi, inayoona upana mkubwa kuliko lenzi ya kawaida, yaani 1x. Tuchukue chumba chetu cha futi 10, karibu mita 3 kila upande. Ukisimama mlangoni na simu umeilaza, kwenye 1x ukuta wa mbele yako huchukua kama robo tatu ya upana wa picha. Kwenye 0.5, ukuta uleule huchukua kidogo tu kupita theluthi moja. Umekuwa mdogo, kwa hiyo jicho linadhani uko mbali, na kuta za pembeni zinaonekana ndefu.

Kuna jambo jingine pembezoni mwa picha. Unajua kivuli cha mtu saa sita mchana ni kifupi, na jioni kinalala kirefu kwa sababu mwanga unakuja kwa mshazari. Kwenye lenzi pana ni vivyo hivyo: kilicho katikati kinatoka kama kilivyo, kilicho pembeni kinavutwa. Ndoo iliyo kwenye kona ya picha inakuwa kama yai, na kitanda cha futi 6 kinaonekana cha futi 9.

Kwa hiyo anza na mahali pa kusimama. Fungua mlango wote, rudi nyuma hadi kizingitini, au hata hatua moja nje, mradi fremu ya mlango isiingie kwenye picha. Jaribu 1x kwanza. Ikiwa chumba kimebana mno, bonyeza 0.5, kisha kwa vidole viwili vuta taratibu hadi 0.7 hivi. Hapo simu inakata pembe zile zilizovutwa zaidi. Kipimo rahisi: ukuta wa mbele usipungue nusu ya upana wa picha. Kitanda na ndoo viwe karibu na katikati, visiguse ukingo.

Sasa tuje kwenye kuta zinazolala. Hili halitokani na lenzi, linatokana na mkono. Ukiinua uso wa simu ili upate dari, kuta zinakaribiana juu kama paa la msonge. Ukiiinamisha ili upate sakafu, zinatanuka juu kama beseni. Dawa yake ni simu kusimama wima kabisa, kama imeegemezwa ukutani. Ishike usawa wa kifua au bega, karibu nusu ya urefu wa ukuta, ndipo dari na sakafu vitaingia sawasawa bila kuiinua wala kuiinamisha. Ukitaka sakafu zaidi, shusha mikono pamoja na simu, usiinamishe simu.

Kwenye mipangilio ya kamera washa mistari ya Grid. Linganisha mstari wa kusimama na fremu ya dirisha au kona ya ukuta. Vikienda pamoja toka juu hadi chini, piga.

Kama kona imepinda katikati kama upinde, hiyo ndiyo lenzi yenyewe. Simu nyingi hurekebisha zenyewe. Nyingine zina sehemu ya kuwasha kwenye mipangilio, na kwenye aifoni inaitwa Lens Correction. Kuta zilizolala kidogo unaweza kuzinyoosha baadaye kwa programu ya Snapseed, kwenye Perspective. Lakini ukizinyoosha, kingo za picha hukatwa, kwa hiyo acha nafasi kidogo unapopiga. Na kitanda kilichovutwa pembeni, programu hiyo haikirudishi vizuri. Piga upya.

Mwisho, hata picha iliyonyooka haisemi futi. Pima kwa futikamba na uandike chini ya picha: futi 10 kwa 10, mlango mmoja, dirisha moja. Na wewe unayetafuta chumba, ukiona ndoo kama yai au ukuta wa mbele mdogo kuliko nusu ya picha, omba vipimo kabla hujatuma hela.