Shefu akikosoa ripoti: namna ya kumujibu kwa imeli

Chukua mfano wa mtunza depo wa shirika moja la misaada huko Bukavu. Shefu anamuandikia: ripoti inasema mikeka 421 iligawiwa, lakini kwenye liste sahihi ziko 412, tena risiti mbili za mazuti hazimo.

Wengi hukimbilia kujitetea: rezo ilikatika, barabara ilikuwa mbaya. Ingawa ni kweli, shefu hajajua bado kama kosa limekubaliwa. Heri kufungua karatasi kwanza. Tofauti hapa ni 9, na tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi inaonyesha kwamba tarakimu mbili zilibadilishana nafasi. Lakini hiyo ni dalili tu. Ahesabu sahihi tena, kisha mikeka iliyobaki depo. Kama mikeka 9 haionekani, asiseme ni kosa la kuandika.

Stoki ikipatana, jibu linaweza kuwa fupi:

"Bonjuru Shefu. Ni kweli, mikeka ni 412, niligeuza tarakimu. Nimehesabu liste na stoki, vinapatana. Ripoti iliyosahihishwa utaipata kesho mbele ya saa sita. Risiti moja nimeipata, iko hapa. Ya pili imepotea. Napendekeza niandike tamko lenye sahihi yangu, pamoja na kopi ya kitabu cha safari za gari. Finansi watakubali?"

Ile risiti ya pili ndiyo mtego. Kuomba stesheni iandike ingine yenye tarehe ya nyuma kunaonekana rahisi, lakini wakaguzi wakiigundua, wataiita udanganyifu, na hapo kazi inaweza kuisha.