Barua Inayosomwa Langoni

Barua nyingi za waumini wanaotaka kuwatembelea wafungwa huanza vizuri zikaishia pabaya. Zinanukuu maandiko, zinamsifu Mkuu wa Gereza kwa kazi nzito, kisha zinaomba "nafasi ya kutoa huduma ya kiroho". Wanajibiwa: njooni Jumapili. Wanakwenda, wanaimba, wanarudi wamefurahi. Jumapili ya pili yake, askari wa zamu langoni hana habari nao. Waliomba siku moja, wakapewa siku moja.

Tuseme ni usharika mdogo wa mjini hapa Tanzania, unaotaka ibada Jumapili mbili za kila mwezi na kikundi cha watu 12 cha kujifunza Biblia kila Jumatano. Barua inakwenda kwa Mkuu wa Gereza husika, ikipitishwa kwa kiongozi wa dhehebu ili athibitishe kwamba waombaji anawafahamu. Waumini wa msikiti wangepitia kwa viongozi wao wa wilaya. Mstari wa "Yah" useme jambo lenyewe: "Ombi la kuendesha ibada mara mbili kwa mwezi na darasa la Biblia kwa wafungwa, kwa miezi sita". Hiyo miezi sita ina kazi yake. Ni rahisi zaidi kumkubalia mtu anayeomba muda wenye kikomo kuliko anayetaka kuja maisha yake yote.

Haki ipo, na aya moja inatosha kuitaja. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika Kanuni ya 65 kwamba mfungwa asinyimwe kuonana na kiongozi wa dini yake. Kanuni hiyohiyo inasema pia kwamba mfungwa asiyetaka kutembelewa aheshimiwe. Sehemu hii ya pili waombaji huisahau, nayo ndiyo ya kuandika kwa herufi zinazosomeka: atakayekuja, aje kwa hiari yake.

Baada ya hapo barua iongee na hofu za langoni. Nani anaingia, amebeba nini, atatoka saa ngapi? Andika majina manne, wala si "wanakwaya wetu", na namba za vitambulisho vya taifa. Andika saa, ukiacha nafasi ya kutosha kabla ya wafungwa kuhesabiwa na kufungiwa. Orodhesha kila kitu: Biblia 12, madaftari 12, kalamu 12, na useme vitabu vitabaki gerezani au vitarudi na walimu.

Hofu ya mikoba si ya bure. Mandela mwenyewe anasimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi mhubiri mmoja alivyokuwa akiingia Robben Island na gazeti ndani ya mkoba wake, wakati wafungwa walikuwa wamekatazwa magazeti. Mfungwa mmoja akaongoza sala ndefu, wote wakafumba macho, na mwenzake akanyata akalichomoa gazeti. Kisa kinachekesha, ila mkuu wa gereza akikisoma atacheka kidogo kuliko sisi.

Darasa liombwe kwa aya yake, kwa sababu kwa gereza si kitu kimoja na ibada. Ibada hufanyika uwanjani, mbele ya macho ya wengi. Darasa linataka chumba na askari wake, na sura zilezile kukutana kila wiki, jambo linalojenga mazoea ambayo askari hulazimika kuyaangalia kwa jicho kali. Useme basi kwamba walimu hawatabeba ujumbe wala kushughulikia kesi. Useme pia darasa ni la wafungwa au la mahabusu, kwa kuwa makundi hayo mawili hutengwa. Kwa maoni yangu lianze na waliokwisha hukumiwa. Mahabusu leo yupo, kesho yuko mahakamani, keshokutwa amepata dhamana, na somo la tatu linabaki bila wanafunzi.

Sabuni na sukari zisiingie katika barua hii. Si kwamba hazihitajiki, bali zikifungamanishwa na darasa, huwezi tena kujua nani amejiandikisha kwa ajili ya somo na nani kwa ajili ya kipande cha sabuni, na ile hiari uliyoiandika inakuwa maneno matupu. Msaada uwe na barua yake, na uwafikie hata wasiosali nanyi.

Huenda jibu likakubali ibada na kunyamaza kuhusu darasa. Msirudi kulalamika. Anzeni Jumapili, fikeni kwa saa mliyoandika, tokeni kwa saa mliyoandika, na wekeni daftari la mahudhurio. Baada ya miezi miwili andikeni tena kuhusu darasa peke yake, mkitaja namba ya kumbukumbu ya jibu la kwanza, na ambatisheni nakala ya daftari hilo.